Paa la Kijivu: Mwongozo kwa Fundi Anayekarabati Nyumba Yenye Asbestosi

Ukipita kwenye nyumba za watumishi wa reli, shule za zamani, zahanati, maghala ya mazao na nyumba za kupanga zilizojengwa kabla ya miaka ya 1990, utaliona: paa la kijivu lenye mawimbi, zito, lililoota ukungu mweusi na kuvu upande usiopigwa na jua. Hilo si bati la chuma. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbestosi, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Liliwekwa kwa sababu halishiki kutu, halipigi kelele mvua ikinyesha na halipitishi joto kama bati. Leo wenyewe wanataka kuliondoa, na anayepandishwa juu ni wewe fundi pamoja na vijana wako.

Nitazungumzia paa hilo tu. Asbestosi hupatikana pia kwenye mbao za dari, mabomba ya maji, kanda zinazofunika mabomba ya mvuke na vigae vya sakafu, lakini kwa fundi wa kawaida wa Afrika Mashariki paa ndilo atakalokutana nalo mara nyingi zaidi. Ndilo pia linaloharibiwa vibaya zaidi, kwa sababu linaonekana kama kitu cha kawaida.

Jambo la kwanza ulishike hapa: asbestosi iliyofungwa ndani ya saruji nzima haikufanyi chochote. Kuishi chini yake si sawa na kuikata. Hatari huanza pale saruji inapovunjwa, inaposuguliwa au inapolika kwa miaka hadi nyuzi zikaachiwa hewani. Kwa hiyo ubora wa kazi yako unapimwa kwa kitu kimoja: umetoa vumbi kiasi gani.

Kwa nini ugonjwa hungoja miaka 30

Vumbi la saruji ya kawaida likikuingia, unakohoa, unapiga chafya, jioni unatema makohozi ya kijivu, yanaisha. Asbestosi haikukoholeshi. Nyuzi zinazoleta ugonjwa ni nyembamba mno, nyingi zikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita kwa unene, wakati unywele wa kichwani ni mnene zaidi ya mara hamsini. Huzioni, hazina ladha, hazina harufu. Kwa wembamba huo hupita puani, hupita kwenye koo, zikafika hadi vifuko vya mwisho vya mapafu ambako hewa huingia kwenye damu.

Huko kuna seli walinzi, kazi yake ni kumeza uchafu na kuuyeyusha. Seli hizo humeza vimelea na chembe za vumbi bila taabu. Uzi wa asbestosi ukiwa mrefu kuliko seli yenyewe, seli haiwezi kuumaliza. Ni kama mtu anayetaka kumeza mshikaki pamoja na kijiti chake: unaingia nusu, nusu inabaki nje. Seli inajeruhiwa, inamwaga kemikali zake kali kwenye nyama ya pafu iliyo jirani, kisha inakufa. Uzi unabaki palepale. Inakuja seli nyingine, inajaribu, yanatokea yaleyale. Mvutano huo unaendelea mwaka hadi mwaka, kwa sababu uzi wenyewe ni madini na mwili hauna njia ya haraka ya kuuyeyusha. Asbestosi nyeupe huvunjika polepole ndani ya mwili. Ile ya buluu na ya kahawia hudumu kwa miongo. Zote, nyeupe ikiwemo, zimewekwa na Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Kinachofuata kinategemea mahali uzi ulipotua na wingi wa nyuzi ulizovuta. Nyuzi nyingi ndani ya pafu huacha makovu. Pafu linakuwa gumu, mtu anahema kwa kupanda ngazi chache tu. Huo ndio ugonjwa wa asbestosisi, na mara nyingi huwapata waliovuta vumbi jingi kwa miaka mingi. Baadhi ya nyuzi husogea hadi kwenye utando unaofunika mapafu. Kule uvimbe wa kudumu huzilazimisha seli za utando kujigawa tena na tena ili kuziba majeraha, na kila mgawanyiko una nafasi ya kuleta kosa kwenye vinasaba. Kosa moja halileti saratani. Yanatakiwa makosa kadhaa yarundikane ndani ya seli moja, na yale yanayozima breki za ukuaji ndiyo mabaya zaidi. Kurundikana huko ndiko kunakochukua miaka 30, 40, hata 50. Saratani inayotokea hapo inaitwa mesothelioma, na mpaka leo wagonjwa wengi hufariki ndani ya miaka michache baada ya kugundulika.

Uhusiano huu ulithibitishwa hapa hapa Afrika. Mwaka 1960 daktari wa patholojia J. C. Wagner na wenzake wawili, Sleggs na Marchand, walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma kutoka Afrika Kusini, karibu wote wakiwa na uhusiano na eneo la migodi ya asbestosi ya buluu kaskazini magharibi mwa jimbo la Rasi. Kilichowashtua madaktari ni kwamba wengi hawakuwahi kuchimba. Walikuwa wameishi karibu na migodi walipokuwa watoto, wakahama, wakazeeka mbali, na ugonjwa ukawafuata.

Habari hiyo ina maana mbili kwa kazi yako. Kwanza, kutokuugua mwaka huu hakuthibitishi kwamba ulifanya salama. Fundi anayekuambia amekata paa hizi tangu ujana na hana tatizo anasema kweli kuhusu leo, lakini saa yake bado inahesabu. Pili, umri wa anayevuta vumbi ni muhimu. Hatari ya mesothelioma hukua kadiri miaka inavyopita tangu siku ya kwanza ya kuvuta nyuzi, kwa hiyo kibarua wa miaka 18 ana miaka mingi zaidi mbele yake ya kuugua kuliko fundi wa miaka 55. Usimtume kijana juu ya paa eti kwa kuwa ni mwepesi. Kwenye kazi hii yeye ndiye wa kukingwa zaidi.

Na ukivuta sigara, jua kwamba sigara na asbestosi zikikutana hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kupita jumla ya hatari zake mbili. Kuacha sigara ndilo jambo la maana kuliko yote analoweza kufanya mtu ambaye tayari ameshavuta vumbi hilo.

Hesabu inayoonyesha kwa nini grainda ni marufuku

Wataalamu hupima nyuzi zilizomo katika mililita moja ya hewa. Uingereza na Marekani zimeweka kikomo cha kazi kuwa uzi 0.1 kwa kila mililita. Hicho ni kikomo cha sheria tu. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa hakina madhara kabisa.

Sasa chukua grainda yenye diski ya kukatia, ukate paa la asbestosi likiwa kavu bila kifyonza vumbi. Vipimo vya mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza vinaonyesha nyuzi 15 hadi 25 katika mililita moja. Tuseme 20. Lita moja ya hewa ina mililita 1,000, kwa hiyo ina nyuzi 20,000. Mtu anayefanya kazi ya nguvu huvuta lita 20 hivi kwa dakika. Hizo ni nyuzi 400,000 kwa dakika moja, milioni nne kwa dakika kumi. Si zote zitakaa mapafuni, nyingi hutoka na pumzi, lakini huhitaji zote.

Kwa upande mwingine, msumeno wa mkono kwenye paa lilelile hutoa hadi uzi 1 kwa mililita, na kuondoa mabati mazima bila kukata hutoa hadi 0.5. Ukiyalowesha, hushuka zaidi. Ona tofauti: kifaa tu kimebadilisha vumbi mara ishirini au arobaini.

Wengi husema, basi nivae barakoa nzuri nitumie grainda niwahi. Barakoa ya kichujio cha P3 ikikukaa vizuri huchukuliwa kupunguza unachovuta hadi sehemu moja ya ishirini. Nyuzi 20 zinakuwa 1, na hiyo bado ni mara kumi ya kikomo. Ukiondoa mabati mazima, nyuzi 0.5 zinakuwa 0.025, chini ya kikomo hata kabla ya kumwaga maji. Na grainda hiyo haimwumizi anayeishika peke yake. Jirani, mpishi wa shule na watoto wanaocheza uani hawana barakoa. Nyuzi nyembamba huweza kuelea kwa saa nyingi, na zikitua hupeperushwa tena kila mtu anapofagia.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: usikate, lowesha, ndipo uvae barakoa. Barakoa ni ya kukamata kilichoponyoka.

Kabla hujapanda

Uliza jengo lilijengwa lini na paa liliwahi kubadilishwa lini. Angalia ukingo uliovunjika: asbestosi ina unene wa milimita 5 hadi 6, na mahali palipovunjika huonyesha manyoya mafupi meupe au ya buluu yaliyochomoza kwenye saruji. Usivunje kipande kipya ili uone. Vilivyovunjika vipo kila paa. Ila macho hayatoshi. Kuna mabati ya saruji ya siku hizi yanayotumia nyuzi za plastiki au za karatasi na yanafanana kabisa. Jibu la hakika hutoka maabara, ambako kipande cha ukubwa wa ukucha huangaliwa kwa hadubini ya mwanga maalumu. Kipande hicho kilowekwe, kichukuliwe kwa koleo, kiingizwe kwenye mifuko miwili inayofungwa, na sehemu kilipotoka ipakwe rangi. Kama hakuna maabara ya karibu au mwenye nyumba hataki kugharamia, usibishane. Lichukulie paa kuwa ni la asbestosi.

Halafu uliza swali ambalo makandarasi wachache huuliza: je, kuna haja ya kuliondoa? Paa zima lisilovuja, lisilomomonyoka, linaweza kubaki. Kama linavuja kwenye bolti tatu, badilisha washa na uzibe. Usikubali kulisugua kwa brashi ya waya ili lipakwe rangi, na usilioshe kamwe kwa mashine ya maji ya kasi. Mashine hiyo huchubua saruji iliyochoka na kurusha nyuzi kwenye kuta, kwenye mimea na kwenye udongo, na maji yakikauka vumbi linabaki. Nimeona paa likioshwa hivyo ili lipendeze kabla ya sherehe ya shule. Lilipendeza, na matope yake yakakaukia palepale watoto wanapopangia mstari asubuhi.

Likiwa la kuondolewa, taarifa iende kwa mamlaka kabla ya kazi. Kenya iliiweka asbestosi kwenye orodha ya taka hatari katika kanuni zake za taka za mwaka 2006, na NEMA ndiyo inayosimamia usafirishaji na ufukiaji wake. Nchini Tanzania anzia NEMC kwa upande wa taka na OSHA kwa upande wa usalama wa wafanyakazi. Rwanda ina mpango wa taifa wa kuondoa mapaa haya chini ya mamlaka ya nyumba. Swali la kuuliza ofisini ni moja: nani ana kibali cha kubeba, na yanafukiwa wapi? Usipande juu kabla hujapata jibu, kwa sababu rundo la mabati lililokosa pa kwenda ndilo linaloishia kuwa banda la kuku, kifusi cha kujazia barabara, au kifuniko cha choo cha jirani.

Kazi yenyewe: nyumba moja ya watumishi

Chukua nyumba ya vyumba vinne yenye paa la meta za mraba 80 hivi. Ina mabati karibu 40, kila moja lina urefu wa meta 2.4 na uzito wa kilo 35 au zaidi. Jumla ni tani moja na nusu hivi, na ndani yake kuna zaidi ya kilo 140 za asbestosi. Hiyo ndiyo unayotaka ishuke bila kupepea.

Watu wanne wanatosha: wawili juu, wawili chini. Wengine wote, pamoja na mwenye nyumba, wakae mbali. Funga utepe kuzunguka nyumba angalau meta kumi, zaidi kukiwa na upepo, na ufunge madirisha na milango. Zungumza na majirani siku moja kabla ili nguo zisianikwe na watoto wasije. Chagua asubuhi tulivu. Upepo ukianza kuchezesha matawi, simamisha kazi.

Vaa ovaroli la kutupa lenye kofia, bila mifuko. Vaa gambuti, si viatu vya kamba, kwa sababu nyuzi hukaa kwenye kamba na huwezi kuzifuta. Miguu ya ovaroli ipite juu ya gambuti. Barakoa iwe FFP3, au ile ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100. Barakoa ya hospitali na ya kitambaa hazizuii nyuzi hizi, wala leso iliyoloweshwa. Ndevu hazipatani na barakoa: hewa itapita pembeni, kwa hiyo nyoa au umwachie mwenzako kazi ya juu. Jaribu kila unapovaa kwa kuifunika barakoa kwa viganja na kuvuta pumzi. Ikikubana usoni imekaa, ukihisi hewa machoni au mashavuni irekebishe. Kofia ya ovaroli ije juu ya mikanda ya barakoa, utaona sababu wakati wa kuvua.

Siku moja kabla, paka mafuta kwenye nati za bolti za ndoano zilizoshika kutu. Nyingi zitafunguka kwa spana. Zinazokataa zikate kwa mkasi mkubwa wa chuma, ukikata shingo ya bolti, wala usiigonge kwa nyundo wala kuitikisa mpaka tundu lipasuke. Misumari ing'olewe taratibu huku kitambaa kilicholowa kimezungushwa.

Maji ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, jipya, lisilowahi kutiwa dawa. Weka maji na kijiko cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo; sabuni huyafanya maji yaingie kwenye saruji iliyochoka badala ya kuteleza juu. Pulizia kwa umande mwepesi. Kama maji yanatiririka hadi chini umezidisha, na yanabeba nyuzi hadi kwenye udongo.

Usikanyage mabati hayo. Hii haihusu mapafu, inahusu shingo yako. Saruji ya miaka 40 hupasuka bila onyo, na fundi huanguka pamoja nayo hadi sakafuni. Fanya kazi ukiwa kwenye jukwaa lililosimamishwa chini au nje ya paa. Ikilazimu kupita juu, tandaza mbao ndefu zinazolala juu ya papi tatu au zaidi, na ufunge mkanda wa usalama kwenye kenchi imara.

Ondoa kwa mpangilio ulio kinyume cha ulivyoezekwa: kofia za paa kwanza, kisha mstari wa juu, halafu ushuke. Lowesha juu, fungua bolti, inua bati polepole, lowesha na upande wa chini ambao haukuwahi kuguswa na mvua na ndio wenye vumbi kavu, kisha mkabidhi mwenzako. Usiliburute bati juu ya jingine. Kusuguana huko ni sawa na kupiga msasa. Na usilitupe chini hata kama umechoka. Watu wawili walishike, au lishuke kwa kamba mbili.

Chini liwekwe moja kwa moja kwenye karatasi nene ya nailoni, ya unene wa robo milimita. Njia nzuri ni kutandika nailoni mbili kwenye bodi ya lori kabla hujaanza, ukapanga mabati humo, kisha ukakunja nailoni juu yake na kuifunga kwa utepe mpana. Hivyo hulazimiki kuyabeba mara mbili, na hakuna atakayeshawishika kuyavunja ili yaenee. Kama hayaenei, tafuta lori refu. Vipande vilivyovunjika viingie kwenye mifuko miwili migumu, kila mmoja ujae nusu tu kwa sababu ncha zake hutoboa. Andika juu yake kwa herufi kubwa: HATARI, ASBESTOSI, USIVUNJE.

Paa likishaondoka kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi hujiumiza. Miaka yote ile, upande wa chini wa mabati umekuwa ukidondosha vumbi juu ya dari. Ukiivuta dari ikiwa kavu, vumbi lote hilo linakuja usoni. Pulizia maji juu ya dari kwanza, lifute kwa vitambaa vilivyolowa ukiwa kwenye jukwaa, ndipo uishushe. Hivyo hivyo kwa matope ya kwenye mifereji ya maji ya mvua: yatolewe yakiwa bado yamelowa na yaingie kwenye mifuko pamoja na taka nyingine. Kwenye ardhi, fuata mstari wa matone ya mvua kuzunguka nyumba na uokote vipande kwa mkono, ukiwa umelowesha udongo. Usifagie. Kifyonza vumbi cha nyumbani nacho kisiguse kazi hii. Nyuzi hupita kwenye mfuko wake na kutoka nyuma. Vinavyofaa ni vile vyenye kichujio cha daraja la H tu.

Wakati wa kuvua, barakoa hutoka mwisho. Simama kando ya utepe, futa ovaroli na gambuti kwa kitambaa kilicholowa, vua ovaroli ukilikunja ndani nje hadi chini, litie kwenye mfuko wa taka, osha mikono na uso pembeni mwa barakoa, kisha ndipo uivue. Oga hapohapo ikiwezekana. Nguo ulizovaa ndani zisiende nyumbani kufuliwa. Nchi zilizotumia asbestosi kwa wingi zimezika wake wa mafundi ambao hawakuwahi kufika kazini. Kazi yao ilikuwa kukung'uta na kufua ovaroli za waume zao.

Kama tayari umevuta

Ukisoma haya ukakumbuka paa ulilovunja kwa nyundo miaka iliyopita, usikimbilie kupigwa picha ya kifua wiki hii. Picha haitaonyesha nyuzi, na kuvuta mara moja au mbili huleta hatari ndogo kuliko ya aliyefanya kazi hiyo miaka kumi. Acha sigara, na usirudie.

Ukija kupata maumivu ya kifua yasiyokwisha, kuishiwa pumzi au maji kwenye mapafu, mwambie daktari kazi uliyofanya hata kama hajauliza. Kwetu maji kwenye mapafu kwanza hufikiriwa kifua kikuu, na mara nyingi ndivyo yalivyo. Lakini ukitumia dawa za kifua kikuu na maji yakaendelea kurudi, neno asbestosi linapaswa kuwemo kwenye faili lako.

Kwa hiyo tunza daftari. Andika tarehe, mahali, jina la jengo, mabati mangapi, mlilowesha au hamkulowesha, ulivaa nini, nani alikuwa nawe na mwajiri alikuwa nani. Mpe kila kibarua nakala yake, kwa kuwa huenda kampuni isiwepo atakapoihitaji.

Na bei ya kazi yako iwe na gharama hizi tangu siku ya kwanza: maji, nailoni, ovaroli nne kwa kila siku ya kazi, barakoa, usafiri wenye kibali na ada ya kufukia. Mwenye nyumba akikwambia fundi mwingine atafanya kwa nusu bei, ujue fundi huyo ameyatoa hayo yote. Mwambie hivyo, na akisisitiza ukate kwa grainda ili muwahi kumaliza, iache kazi hiyo.